Siku Madoa Alipomfuta Fundi

Kwenye duka letu la dobi hakuna anayeitwa kwa jina lake. Mimi ni Pasi, kwa sababu nasimama kwenye pasi ya mvuke tangu tunapofungua mpaka tunapofunga, na wanaonijua wanasema ulimi wangu nao una moto uleule. Mwenye duka ni Bosi, hana la ziada. Na yule wa sinki la nyuma, ambaye ndiye nataka kumsema hapa, ni Madoa.

Madoa ndiye mtoa madoa. Nguo ikifika kaunta ina damu, wino, kutu au mafuta ya gari, inapachikwa kikaratasi kwenye kola na kupelekwa kwake. Damu anaitia maji baridi, na ole wako umletee ya moto. Wino anaudondoshea spiriti huku ametandika kitambaa cheupe chini yake. Mafuta anayanyunyizia poda ya watoto na kuyaacha yanywewe. Lakini fahari yake haikuwa kwenye doa lenyewe, ilikuwa kwenye ukingo. Ukitoa doa kwa pupa, doa linakwenda zake lakini linaacha duara la rangi hafifu, na mteja akiliinua shati kwenye mwanga anakuonyesha kwa kidole palepale lilipokuwa. Madoa alianzia nje, mbali kabisa na doa, akaja ndani polepole, mpaka kitambaa chote kikakauka sawasawa. "Doa si kitu, Pasi," alikuwa akiniambia. "Kinachokuaibisha ni ukingo."

Simpambi. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa kulia, na alipenda kupendwa kupita kiasi. Wadogo zake wote walikuwa wameshaolewa na kwenda zao, yeye bado analala nyumbani kwao, chumba kimoja na wapwa zake, watoto wa kaka yake, kitanda cha juu. Alitaka ndoa kama mtu anayezama anavyotaka hewa, na sioni aibu kulisema. Anayetaka kumcheka alale kwanza kwenye kitanda cha juu, mtu mzima na magoti yake, huku watoto chini wanagombania shuka na kumwita shangazi.

Aliwahi kukaribia. Kulikuwa na Fundi, fundi umeme, mrefu, mwenye makelele, aliyekuwa akija dukani na ovaroli chafu kuliko lazima ili akae kaunta aongee naye. Posa ilikuwa mbioni. Siku moja akapanda paa la mteja bila kufunga mkanda wa usalama, akateleza, na hospitali walimpokea akiwa ameshakata roho. Kwa kuwa posa ilikuwa haijapelekwa, Madoa msibani hakuwa mjane wala mchumba, alikuwa mgeni tu. Walimweka nyuma aoshe vikombe. Aliviosha vyote, mimi nikifuta, na hakuna aliyempa hata pole.

Aliyemtambua ni mmoja, mama wa marehemu. Mama Fundi anauza viatu vya mitumba kando ya barabara, mama mfupi, mkali, anayempiga mteja kofi mkononi akijaribu kiatu bila kuvua soksi. Alikuja jikoni, akamshika Madoa kidevu, akasema, "Wewe ni mkwe wangu, liwalo na liwe." Tangu siku ile kila Jumapili mchana, tukiwa tumefungua nusu siku, alikuwa akija mlango wa nyuma wa duka kuangalia video.

Hiyo video ndiyo yenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akijenga nyumba alikuwa na ukurasa mtandaoni, anaonyesha watu ujenzi wake, leo tofali, kesho bati. Siku moja akamrekodi Fundi akiwa juu ya ngazi anavuta nyaya. Mama mwenye nyumba anasikika akiuliza, "Fundi, mkanda uko wapi?" Fundi anageuka, anacheka lile cheko lake, anasema, "Mama yangu asione hii. Ataniparamia hukuhuku juu anichape." Kisha anaanza kuimba, vibaya, na video inakatika. Ndicho kitu pekee duniani kilichobaki na sauti yake. Mama Fundi ana simu ya vibonye, haina mtandao wala nini. Kwa hiyo anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na sinki, Madoa anafungua simu yake, anakwenda kwenye vitu alivyovihifadhi mtandaoni, na video ni ileile ya juu kabisa. Mama anacheka akifika kwenye kuchapwa. Anamtukana mwanawe. Halafu analia, anafuta kamasi na kanga, anasema, "Tena."

Mimi niliwahi kumwambia Madoa, "Hii video haiko kwenye simu yako. Iko kwa yule mama mwenye nyumba. Wewe umeweka alama tu ya kukurudisha pale. Rekodi kioo cha simu ikiwa inacheza, ubaki na yako." Akanijibu simu imejaa, na kwani yule mama ataipeleka wapi? Nami nilikuwa na rundo la mashati linaningoja, nikaacha.

Basi, akaja Mwalimu.

Mwalimu anafundisha udereva. Shati la mikono mifupi lenye nembo, kalamu mfukoni, funguo kiunoni. Magari yao yana breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na yeye alikuwa ameizoea ile ya kwake mpaka nje ya gari. Mtu akiongea anachotaka kukisikia anamwachia, akiongea kingine anamkanyagia. Alileta suruali yenye grisi, Madoa akaitoa, akaja kuichukua akaleta nyingine ambayo haikuwa na doa lolote. Tukacheka. Mambo yakaenda haraka, nyumbani kwao Madoa wakaanza kupiga vigelegele, tarehe ya kwenda kujitambulisha ikasemwa. Sijawahi kumwona Madoa akiimba kwenye sinki kama wiki zile. Nilifurahi naye, ingawa yule bwana sikumpenda tangu siku ya kwanza, kwa namna alivyokuwa akiweka nguo kaunta bila kuziachia mpaka umshukuru.

Mwalimu ana dada mkubwa, karani, ambaye katika ukoo wao ndiye mchujaji. Hakuna anayeoa kabla dada hajapitisha. Alikuja dukani mchana akiwa amevaa miwani ya kamba, akajitambulisha kwangu kama wifi wa Madoa, akaomba kuongea naye. Nikamwita. Madoa akatoka nyuma akijifuta mikono, anatabasamu mpaka magego.

"Karibu wifi! Ungeniambia unakuja, ningejiandaa."

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema dada. Akaitoa simu yake, akaiweka juu ya kaunta, akaigeuza ili wote tuone. "Huyu ni wewe?"

Ilikuwa picha ya Madoa ya wasifu, ile mpya aliyopiga saluni. Madoa akaitikia. Dada akaibonyeza, kisha akavuta kwa kidole pembeni. Ikaja ile iliyokuwepo kabla yake. Akavuta tena. Ikaja nyingine, na nyingine, nyuma na nyuma, Madoa anazidi kuwa kijana na nywele zinazidi kubadilika, na mimi nikamwona rangi inamtoka. Alikuwa akidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba ukiweka picha mpya ya zamani inaondoka. Haiondoki. Inasogea nyuma tu, inakaa kwenye albamu na kila aliyeipenda na kila aliyeandika chini yake.

Dada akasimama kwenye moja. Madoa yuko na blauzi ya njano, na pembeni ya picha kuna shavu la mwanamume lililokatwa nusu. Chini yake Fundi ameandika: "Mke wangu huyo, msimtolee macho."

"Mke wa nani?" dada akauliza.

"Alikuwa mchumba wangu, wifi. Alishafariki. Mwalimu anajua."

"Mwalimu anajua kulikuwa na mtu. Hajui kama mtu mwenyewe bado anakumiliki." Akafungua ukurasa wa Fundi, ambao ulikuwa wazi kwa kila mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa na nywila ya kuufunga. Picha ya ngazi, picha ya nyaya, picha ya Fundi amekula miwani ya jua. Kila picha dada alibonyeza pale chini panapoonyesha waliopenda, na kila picha jina la Madoa lilikuwemo, na moyo mwekundu pembeni. "Umeacha hata moja? Hata hii ya soketi! Mtu gani anapigia soketi moyo?"

Nikasema, "Dada, zilikuwa picha za mtu aliyekuwa hai."

"Sijaongea na pasi," akasema bila kuniangalia. Damu ilinichemka, lakini Bosi alikuwa anatazama.

Mwalimu mwenyewe alikuja kesho yake saa ya chakula. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta kiti akakaa kwenye meza yangu ya kukunjia, akamwomba Madoa simu, akafungua ile sehemu inayoonyesha mwenye akaunti kila alichokigusa, mwezi kwa mwezi: hapa ulipenda, hapa ulitoa machozi, hapa uliandika. Watu wa nje hawaoni pale. Wa nje, kama dada, wanaona moyo tu, hawaoni uliwekwa lini. Lakini ukishika simu ya mtu unaona na tarehe. Na tarehe ya moyo wa mwisho kwenye picha ya Fundi ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Mwezi uliopita," Mwalimu akasema taratibu. "Mwezi uliopita mimi na wewe tulikuwa tunachagua vitambaa vya pazia."

"Ilikuwa kumbukumbu ya siku aliyokufa. Nilimkumbuka tu."

"Mimi nikikaa na wewe ndani ya nyumba, nitakuwa nakaa na watu wawili?"

"Hapana, baba."

"Basi safisha. Wewe si ndiyo kazi yako? Safisha nione."

Ningekuwa mimi ningemrushia pasi. Madoa alivuta kigoda, akakaa miguuni pake kabisa, akaanza. Ukichagua jina la mwezi unaweza kutia tiki nyingi kwa pamoja na kubonyeza kuondoa, na mioyo ikaanza kutoka kwa mafungu. Mingine ilikataa, mtandao ukakwama, akarudia mmoja mmoja. Machozi aliyoyaweka kwenye tangazo la msiba. Kucheka alikoweka kwenye utani wa mafundi wenzake. Hakuna anayepelekewa taarifa ukiondoa moyo. Hesabu inapungua tu chini ya picha, na kama hakuna anayeitazama hakuna anayejua. Madoa alikuwa analia bila sauti na kidole kinaendelea. Mwalimu alikuwa anakula mkate wake juu ya mashuka niliyoyapiga pasi.

Zikafuata picha za wasifu. Zile alizifuta moja moja, na kila inapoondoka na maneno ya chini yake yanaondoka nayo. Kwenye ya blauzi ya njano akasita.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

"Hapa ndipo alipoandika."

"Naona. Futa."

Akafuta. Mtandao ukaandika kuwa picha zimewekwa pipani na zitakaa huko kwa muda kabla ya kupotea, akitaka anaweza kuzirudisha. Mwalimu akasoma, akatabasamu. "Fungua pipa. Mwaga." Akamwaga.

Nikaona mtu ameshapewa kiasi cha kumtosha. Mioyo imekwenda, picha zimekwenda, na kidole cha Madoa sasa kilikuwa kimefika kwenye vitu alivyovihifadhi. Video ya Fundi ilikuwa juu pale, na uso wake mdogo juu ya ngazi. Nikasema, "Mwalimu, hivyo viache. Alichohifadhi mtu hakionekani na yeyote. Si dada yako, si mama yako, si marafiki. Anakiona yeye peke yake."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Visivyoonekana ndivyo vibaya zaidi."

"Hii si yangu," Madoa akasema haraka. "Hii ni ya Mama. Anakuja Jumapili kuisikiliza. Hana nyingine."

"Mama yupi?"

"Mama wa marehemu."

"Mama mkwe wako ni mama yangu. Au una wawili?"

Madoa akaniangalia. Nilimtikisia kichwa, hapana, usithubutu, na ninajua aliniona. Kisha akaitazama ile simu, na nadhani alikiona kile kitanda cha juu, kwa sababu uso wake ulilegea kama wa mtu aliyechoka kubeba kitu. Akabonyeza vitone vitatu, akabonyeza kuondoa. Uso mdogo juu ya ngazi ukatoka kwenye kioo. Haukwenda pipani, kwa sababu kitu cha kuhifadhi hakina pipa. Umeondoa alama yako, basi.

Mwalimu akampigapiga begani kama wanavyopigwa wanaofaulu mtihani wa kurudi nyuma, akaenda zake.

Kama angeishia hapo, mambo yangerekebishika. Nilimwambia hivyohivyo. Madoa alikuwa ameipigia ile video moyo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo angeweza kuifuata kupitia orodha ya alivyovipenda. Tena mtandao ulikuwa unaweka kumbukumbu ya kila video aliyoitazama. Tena alikuwa anaufuata ukurasa wa yule mama mwenye nyumba. Zilikuwa njia tatu za kurudi, zote wazi, na Mwalimu hakuijua hata moja. Nikamwambia, "Itafute sasa hivi, nikuwekee kwenye simu yangu. Yangu ina nafasi."

Alikuwa amesharudi kwenye sinki, simu imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti, kidole kinapanda na kushuka. Nikasogea. Alikuwa ameshauondoa ule moyo wa video. Alikuwa ameshafuta kumbukumbu ya video alizotazama, yote, kwa kubonyeza mara moja. Nikamkuta anaacha kuufuata ule ukurasa.

"Wewe mwanamke, unafanya nini? Hakukwambia hivyo!"

"Naondoa ukingo." Aliongea kwa ile sauti ya kazini, ya utulivu, ambayo mtu anaongea huku mikono inajua inachofanya. "Dada yake ana macho. Akiona nafuata ukurasa wa nyumba, atauliza nyumba ya nani. Akiingia atamkuta. Nikifanya nusunusu nitaaibika."

"Na Mama Jumapili utamwonyesha nini?"

"Nitaitafuta. Jina la ukurasa nalijua. Nikishaolewa nitaitafuta taratibu."

Sikuongea naye mpaka jioni. Nilikuwa na hasira mpaka nikaunguza kola ya shati la mtu.

Ijumaa Mwalimu akaja na dada yake kuchukua suruali. Madoa alikuwa amesuka. Dada akasimama kaunta, akafungua simu yake, akabonyeza picha ya wasifu ya Madoa, akavuta pembeni. Hakuna kitu. Akaenda kwa Fundi, akafungua soketi, ngazi, miwani. Jina la Madoa halimo. Alitafuta kwa muda mrefu, kwa bidii, kama mtu anayekagua mchele, na uso wake ukazidi kukunjamana badala ya kukunjuka.

"Amefuta vizuri mno," akamwambia kaka yake, kana kwamba Madoa hayupo. "Hebu ona. Mtu mzima huyu, hana hata picha moja ya juzi. Kama aliyezaliwa jana. Aliyefuta hivi hajaanza leo."

Mwalimu akachukua ile simu, akaangalia. Nikamwona anamkanyagia mtu breki.

"Yule jamaa ulimlilia?" akamwuliza Madoa.

"Nililia."

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda. Lakini yamekwisha, wewe mwenyewe umeona yamekwisha."

"Nimeona. Ndani ya saa moja ya chakula, umemmaliza." Akamrudishia dada yake simu. "Mwenzio uliyempenda, aliyekufa, umemfuta mimi nikiwa bado natafuna mkate. Mimi nikigeuka kisogo utanifutaje?"

Madoa akamsogelea. "Si wewe uliyesema?"

"Nilisema. Nilitaka nione kama utaweza."

Akachukua suruali yake iliyofunikwa nailoni, akaitazama kwenye mwanga upande wa goti palipokuwa na grisi. Palikuwa safi kabisa. Akampa dada yake aishike, wakatoka. Bosi, aliyekuwa amesikia kila neno kutoka kwenye kiti chake, alikohoa akasema kuna gauni la harusi la mteja linangoja sinki, lina divai. Sijui kama alikuwa mkatili au alikuwa hajui aseme nini. Madoa akalichukua, akaenda nalo nyuma.

Sasa akaanza kutafuta. Alikuwa amesema jina la ukurasa analijua, na kweli alilijua: Nyumba Yetu Mpya. Akaliandika. Zikaja Nyumba Yetu Mpya zisizo na mwisho, kwa sababu kila anayejenga hudhani yeye ndiye wa kwanza kulipata jina hilo. Tukagawana, yeye kwenye simu yake, mimi kwenye yangu, Ijumaa ile na Jumamosi yote, kati ya shati na shati. Niliona mabati ya kila rangi. Niliona vyoo. Niliona mafundi wasiohesabika juu ya ngazi, kila mmoja hana mkanda, na hakuna aliyekuwa yule. Picha ya ukurasa wenyewe hakuikumbuka. Jina la mama mwenye nyumba hakulijua kamwe. Huenda alikuwa ameshamaliza kujenga na kubadili jina la ukurasa, watu hufanya hivyo. Nyumba yenyewe hakuna aliyejua iko mtaa gani, maana Fundi alikuwa akiitwa kila kona. Mafundi wenzake tuliwauliza, na mmoja tu ndiye aliyekumbuka kuwahi kuiona, akasema, "Si wewe ndiye ulikuwa nayo?"

Nilimwambia Madoa asidanganye. Alikuwa ameshapanga kusema mtandao uko chini.

Jumapili Mama Fundi akaja mlango wa nyuma, ametoka kwenye viatu vyake, vumbi mpaka magotini, na amemletea Madoa ndala za kike alizozitenga rundo likiwa bado halijachaguliwa. Alikuwa amesikia habari za uchumba. Akapindua ndoo, akakaa.

"Mkwe wangu anaolewa, mimi naambiwa na muuza vocha," akasema. "Sijakasirika. Mwanangu kashafariki, wewe hujafariki. Nilitaka uje unijulishe tu, nikupe baraka. Haya, nifungulie tumsikilize, halafu uniambie huyo bwana ana tabia gani."

Madoa alikuwa amesimama, mikono ndani ya sinki, maji yanadondoka kwenye viwiko. Aligeuka. Nilidhani atasema mtandao.

"Mama, sina tena. Niliifuta."

"Umeifutaje? Si uliniambia iko huko, haipotei?"

"Iko huko. Ila nimepoteza njia ya kuifikia. Mwalimu alitaka niondoe vitu vyote vya Fundi, nikaviondoa. Na hicho."

Mama Fundi alichukua muda kuelewa. Hakuwa mtu wa mitandao, na Madoa ilibidi amweleze tena, na tena, kila mara kwa maneno mafupi zaidi: mioyo, picha, video, njia za kurudi. Kumweleza mara ya kwanza kulikuwa kugumu, lakini ile ya tatu ilikuwa kama kumvua mtu nguo. Alipomaliza, mama aliuliza jambo moja.

"Huyo Mwalimu yuko wapi?"

"Ameniacha, Mama."

Nilingoja amtukane. Ana matusi yule mama, nimemsikia sokoni. Hakutukana. Aliangalia chini kwenye miguu yake yenye vumbi, akawa kama anatafuta kitu alichokidondosha, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi sema wewe. Sema kama alivyosema."

Madoa akajifuta mikono. "Mama yangu asione hii. Ataniparamia hukuhuku juu anichape."

"Siyo. Yeye alikuwa anaivuta. Asioneee. Sema tena."

"Mama yangu asioneee hii."

"Siyo hivyo." Akajisogeza kwenye ndoo, akajaribu mwenyewe, ameinua kidevu kama mtu aliye juu anamwangalia aliye chini. "Mama yangu asione..." Akatikisa kichwa. Akajaribu kwa sauti nene. Akajaribu na cheko mbele. Mara ya mwisho alifungua mdomo na hakikutoka kitu, akabaki hivyo, macho yanahama huku na huku, na hofu niliyoiona usoni mwake sitaki kuiona tena kwa mtu yeyote.

"Nilikuwa nayo asubuhi," akasema. "Nilipoamka nilikuwa nayo."

Madoa akapiga magoti, akataka kumshika mikono. Mama Fundi akaisukuma pembeni, si kwa nguvu kama anavyomfanyia mteja mwenye soksi. Akasimama, akaigeuza ndoo ikawa wima ilivyokuwa, akazichukua zile ndala kutoka juu ya meza.

"Hizi nitamuuzia mwingine," akasema.

Akatoka kwa mlango uleule, na Jumapili iliyofuata hakuja.